Thamani ya Kulipa Vizuri

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025, barua za benki zimekuwa gumzo katika ofisi ya walimu. Benki Kuu ya Kenya iliamuru mikopo ya shilingi yenye riba inayobadilika ihamishiwe kwenye mfumo mpya wa kukokotoa riba: mikopo mipya kuanzia Desemba 1, 2025, na ya zamani ifikapo Februari 28, 2026. Mwalimu mwenzangu, kijana aliyenunua nyumba kule Lanet, hapa Nakuru, aliniletea barua yake wakati wa chai. Hakuwa na shida na mfumo. Shida yake ilikuwa nyingine.

"Mwalimu, mimi sijawahi kuchelewa hata mwezi mmoja. Mbona wasinipunguzie tu?"

Hoja hiyo naijua vizuri. Nimewahi kuipeleka benki mwenyewe, na majibu niliyopewa kwa nyakati tofauti ndiyo yaliyonifundisha ninachokijua kuhusu mikopo ya nyumba.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2012. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimekopa shilingi milioni 1.5 kununua nyumba ndogo, huko huko Lanet, kwa riba ya asilimia 14 na muda wa miaka 10. Malipo yalikuwa kama shilingi 23,300 kwa mwezi. Kisha ukaja mwisho wa mwaka 2011. Shilingi ilikuwa imeporomoka, bei za vyakula zimepanda, na Benki Kuu ikapandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi asilimia 18 kufikia Desemba. Benki yangu ilinipandisha hadi 19, halafu 22. Barua ya kunieleza ilinifikia baada ya riba yenyewe kuanza kukatwa.

Malipo yangu ya kila mwezi hayakuongezeka, nami nikadhani nimeponea. Ni mhasibu wa shule yetu aliyenionyesha lililokuwa likitendeka. Alichukua taarifa ya mkopo, akaweka rula chini ya mstari wa Januari, akanionyesha deni: milioni 1.37 hivi. Asilimia 22 ya hiyo, ukigawa kwa miezi 12, ni zaidi ya shilingi 25,000. Mimi nilikuwa nalipa 23,300. Yaani kila mwezi nilipolipa, bila kuchelewa hata siku moja, deni liliongezeka. Akasogeza rula hadi Februari, halafu Machi, na kweli tarakimu ya mwisho kulia ilikuwa ikipanda.

Nilikwenda benki, tawi lililokuwa Kenyatta Avenue, nikiwa na barua inayosema mimi ni mlipaji mzuri. Afisa wa mikopo aliisoma yote, kwa heshima. Kisha akaniambia, "Mwalimu, hawa wote unaowaona kwa foleni wanalipa vizuri. Wasiolipa hawaji kwangu, wanapelekwa kwa wakili." Akanipa machaguo mawili: niongeze malipo ya kila mwezi, au niongezewe muda. Kupunguza riba hakukuwa chaguo. Niliongeza malipo.

Niliudhika, lakini alikuwa ameniambia ukweli ambao watu wengi hawauoni. Kwa benki, kulipa kwa wakati si fadhila inayofanyiwa. Ndiyo bei yenyewe ya mkataba. Riba uliyopewa siku ya kwanza ilikadiriwa ikitegemea kwamba utalipa. Ukilipa, umetimiza tu ulichoahidi. Kwa hiyo barua isemayo "nimelipa vizuri, naomba nipunguziwe" haijampa mkopeshaji sababu yoyote ya kugusa faida yake. Tena mwaka ule kilichopanda hakikuwa hatari yangu mimi. Kilichopanda ni bei ya fedha nchini, na hiyo haina habari na tabia ya mtu.

Miaka minne baadaye, kupunguziwa kulikuja bila mtu kuandika barua. Mbunge wa Kiambu wakati huo, Jude Njomo, alipeleka mswada wa kuwekea riba kikomo, Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi Agosti 2016, na kuanzia Septemba 14 hakuna benki iliyoruhusiwa kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Riba yangu ikashuka hadi 14.5, na baada ya siku chache hadi 14. Mlipaji mzuri na mlipaji mbaya tukashuka pamoja. Hilo lilikuwa na gharama yake, maana benki ziliwafungia mlango wafanyabiashara wadogo, na marafiki zangu wenye maduka hapa mjini hawakupata mkopo kwa riba yoyote. Mimi mwenye hati ya mshahara nilipendwa.

Ni wakati huo huo nilipojifunza jambo lililonifaa kuliko yote. Nilipata mnunuzi wa nyumba ya Lanet, nikataka kulimaliza deni mapema ili nikajenge Kiamunyi. Benki ikanitumia hesabu ya kufunga mkopo, na ndani yake kulikuwa na "adhabu ya kulipa kabla ya muda", asilimia 3 ya deni lililobaki. Wakili wangu, mzee mmoja mpole, alicheka. Alifungua Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 85, akanisomea. Aliyeweka ardhi yake rehani ana haki ya kulipa na kuikomboa wakati wowote, na sharti lolote linalomzuia ni batili. Mkopeshaji anachoweza kuandika katika mkataba ni kimoja kati ya viwili: notisi ya mwezi mmoja, au malipo yasiyozidi riba ya mwezi mmoja. Na sehemu hiyo ya sheria inagusa hata rehani zilizosajiliwa kabla yake. Aliandika barua ya aya mbili, na ile asilimia 3 ikafutwa.

Sikuelewa siku hiyo uzito wa kifungu kile katika suala la riba. Nilidhani ni mambo ya kufunga tu. Kumbe mtu anayeweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja ana kitu cha kusema mezani, na asiyejua kwamba anaweza kuondoka hana.

Nilikopa tena mwaka 2017, karibu shilingi milioni 3.9 kwa miaka 15, safari hii kwa benki nyingine. Kikomo cha riba kilipoondolewa Novemba 2019 nilijiandaa kwa mabaya, lakini riba ya Benki Kuu ilikuwa chini, nayo benki ikaniacha kwenye asilimia 13.

Ukaja mwaka 2020. Jirani yangu mwenye shule ya binafsi alifungiwa milango pamoja na nchi nzima. Benki Kuu iliruhusu mikopo ipangwe upya kwa waliokuwa hawana doa hadi Machi 2, 2020, na hapo, kwa mara ya kwanza, niliona rekodi nzuri ikifungua mlango kama ufunguo: waliokuwa nyuma kabla ya tarehe hiyo hawakuingia. Jirani aliingia. Alipewa mapumziko ya kulipa. Lakini barua yake, aliyoniomba nimsahihishie Kiingereza, ilijaa maneno ya kulemewa: wazazi hawalipi, walimu wanamdai, ameshindwa. Kwa ombi la mapumziko ilifaa. Shida ni kwamba mwaka uliofuata, shule zikiwa zimefunguliwa na yeye akiwa amesimama tena, alipoomba riba ipunguzwe walimtolea barua ile ile. Mkopo uliopangwa upya kwa sababu ya dhiki hubaki kwenye faili kama mkopo wa dhiki, na riba iliyokusanyika wakati wa mapumziko ilikuwa imekwisha kuongezwa kwenye deni lake. Kuomba nafuu na kuomba bei ni maombi mawili tofauti. Ukiyachanganya katika barua moja, benki itasikia la kwanza tu.

Mimi zamu yangu ilirudi mwanzoni mwa 2024. Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13, na benki yangu ikaniandikia kwamba natoka 13 kwenda 16.5. Safari hii barua ilikuja siku thelathini kabla, kwa kuwa kifungu cha 84 cha Sheria ya Ardhi kinataka hivyo: notisi ya maandishi, siku zisizopungua 30, na riba mpya itajwe kwa lugha inayoeleweka. Malipo yangu yakapanda hadi kama shilingi 56,400. Deni lilikuwa karibu milioni 2.8, na miaka saba ilikuwa imebaki nilipoanza kushughulikia ombi la kupunguziwa mwaka 2025.

Kwa nini nilingoja mwaka mzima? Kwa sababu riba ya Benki Kuu ilianza kushuka Agosti 2024, ikafika 10.75 Februari 2025, na riba za benki zilikuwa zikijikokota nyuma. Mwezi huo huo Gavana Kamau Thugge alizionya benki hadharani kwamba wakaguzi wake watapita kuangalia kama zinapunguza. Nikaona upepo umegeuka.

Nilianza na karatasi. Niliomba taarifa ya mkopo tangu siku ya kwanza, si ya miezi sita wanayokupa ukiwa huna neno. Nikachukua pia ripoti yangu kutoka kwa mojawapo ya taasisi tatu zinazotunza rekodi za wakopaji, ambayo ni haki ya kila mtu kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ukizisoma pamoja utaona kile benki inachokiita rekodi nzuri, nacho si kile sisi tunachokiita rekodi nzuri. Sisi tunahesabu miezi tuliyolipa. Wao wanahesabu siku za kuchelewa. Mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30 huhamia kundi la kuangaliwa, ukipita 90 unahesabiwa kuwa mbovu. Yangu ilikuwa na visiku viwili vitatu hapa na pale, miezi ambayo mshahara ulichelewa kuingia, na hiyo haikuwa na madhara. Lakini ningeombwa nieleze nikiwa sijaiona, ningebabaika.

Kisha nikatafuta hoja yenye nguvu kuliko rekodi. Mwaka 2017 benki ilikuwa imenikopesha asilimia 80 ya thamani ya nyumba. Sasa deni lilikuwa limeshuka na Kiamunyi imepanda, hasa tangu Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Mthamini aliyeidhinishwa na benki alinipa thamani ya milioni 8. Deni likawa asilimia 35 tu ya dhamana. Hilo linaeleweka na kamati ya mikopo mara moja, kwa sababu linajibu swali lao halisi. Rekodi inawaambia kama kuna uwezekano wa mimi kushindwa. Thamani ya nyumba inawaambia watapoteza nini nikishindwa.

Karatasi ya mwisho ilikuwa barua ya ofa kutoka kwa mkopeshaji mwingine, asilimia 14, akiwa tayari kulinunua deni langu. Hapo ndipo nilipokaa na karatasi na kikokotoo jioni nzima. Kutoka 16.5 hadi 14, malipo yangu yangeshuka kwa karibu shilingi 3,900 kwa mwezi, jumla kama 330,000 kwa miaka saba. Inavutia. Ila kuhama si bure. Kuna ada ya mkopo mpya, mthamini mwingine, wakili wa benki mpya ambaye unamlipa wewe, wakili wa kuondoa rehani ya zamani, ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 kwa rehani mpya, na riba ya mwezi mmoja usipotoa notisi. Jumla yangu ilikaribia 140,000. Maana yake, miaka mitatu ya kwanza ningekuwa narudisha gharama tu. Na kuna kazi ya kuhamisha hati: benki ya zamani haiachilii hati kabla ya fedha, na mpya haitoi fedha kabla ya hati, mpaka mawakili waandikiane ahadi ya kitaaluma. Jambo hilo likikwama unaendelea kulipa riba ya zamani miezi mingi.

Barua niliyoipeleka benki yangu haikuomba huruma. Iliuliza: katika asilimia 16.5 yangu, ni ngapi inatokana na bei ya fedha, na ni ngapi ni nyongeza yenu juu yangu? Nyongeza hiyo iliwekwa lini, na kwa deni la asilimia ngapi ya dhamana? Nikaambatanisha taarifa, ripoti, thamani mpya na nakala ya ile ofa, nikasema nitatoa notisi ya mwezi mmoja chini ya kifungu cha 85 nisipojibiwa katika siku 21.

Meneja wa tawi aliniita. Mama mmoja mwenye maneno machache. Alisema, "Mwalimu, hili si langu, linaamuliwa Nairobi. Lakini hukuniletea hadithi, umeniletea faili. Faili naweza kuituma." Jibu lilikuja kabla ya siku zangu kwisha: asilimia 14.5, bila ada yoyote.

Nilifurahi kwa wiki kadhaa. Halafu nikagundua kwamba jirani mwingine aliyekopa benki hiyo hiyo kwa riba kama yangu, ambaye hakuandika chochote, amepokea arafa ya kumshusha hadi asilimia 15. Bei ya fedha ilikuwa imeshuka, nao wakawashusha wote. Kwa hiyo katika pointi mbili nilizopata, moja na nusu zilikuwa njiani kuja kwangu hata ningelala. Nusu pointi ndiyo iliyotokana na rekodi, dhamana na ile ofa kwa pamoja. Nusu pointi kwa deni langu ni kama shilingi 780 kwa mwezi. Miaka minane ya kulipa kwa wakati, na hiyo ndiyo thamani yake sokoni, tena ikiwa imesindikizwa na vitu viwili vingine.

Sisemi ni kidogo. Katika miaka saba inakaribia 66,000. Lakini inaonyesha kwamba ningehama ningepoteza: kutoka 14.5 hadi 14 ningeokoa kama hiyo hiyo 66,000, kwa gharama ya 140,000. Ile ofa ilikuwa na faida kubwa zaidi kama karatasi ya kuonyesha kuliko kama mahali pa kwenda.

Jambo ambalo karibu linipite lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa barua yao. Walikuwa wameshusha malipo yangu hadi 53,250 na kuacha miezi 84 vile vile. Hilo linapendeza machoni. Nikawaandikia waniache nilipe 56,400 ile ile na muda ndio upungue. Kwa njia yao ningeokoa riba ya kama 266,000. Kwa njia yangu naokoa zaidi ya 430,000, na mkopo unakwisha karibu miezi minane mapema. Riba ni ile ile, benki ni ile ile. Tofauti ni mstari mmoja ambao hakuna afisa atakayekuuliza kama hukuutaja.

Sasa, huyu kijana na barua yake. Mfumo mpya una sehemu mbili zilizo wazi kuliko zamani. Ya kwanza ni KESONIA, wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja, ambayo hutembea karibu na riba ya Benki Kuu na ni moja kwa watu wote. Ya pili ni nyongeza ya benki, inayoandikwa K, yenye gharama za benki, faida ya wenye hisa na hatari ya mkopaji mwenyewe. Kulipa vizuri hakuwezi kugusa KESONIA hata ulipe miaka mia. Kunaweza kugusa K, tena kipande chake kimoja tu. Na wakati wa kuhamisha mkopo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ndio wakati ambapo K inaweza kupandishwa kimyakimya, ili jumla ibaki pale pale ingawa bei ya fedha imeshuka. Barua yake ilitaja jumla, na K haikuonekana popote.

Basi kama nawe umepokea barua ya namna hiyo na hujawahi kuchelewa kulipa, iweke pembeni kwanza hiyo sifa yako. Waandikie wakuambie K yako ni ngapi, ilikuwa ngapi kabla ya kuhamishwa, na mkopo wako unakwisha mwezi gani wa mwaka gani. Wakishajibu kwa maandishi, hapo ndipo rekodi yako itakuwa na mahali pa kushika.